Umebadilisha Jina, Lakini Bado Tunamjua

Mwaka 1971 kampuni ya Doubleday ya Marekani ilichapa riwaya ya Gwen Davis Mitchell iitwayo Touching. Kabla ya kuiandika, mwandishi huyo alikuwa amehudhuria vikao vya mwanasaikolojia mmoja wa California, Paul Bindrim, ambaye wateja wake walivua nguo zote na kukaa pamoja saa nyingi wakitoa ya moyoni. Bindrim hakumpokea hivihivi. Alimsainisha karatasi ya kuahidi kwamba hataandika makala kuhusu vikao hivyo wala kusema nani alikuwepo na nini kilitokea. Miezi michache baadaye Mitchell alikuwa na mkataba wa kitabu mkononi.

Riwayani daktari anaitwa Simon Herford. Mwandishi hakubadilisha jina tu. Bindrim alikuwa mwanasaikolojia, Herford ni daktari wa magonjwa ya akili. Bindrim alinyoa ndevu na kukata nywele fupi, Herford ni mnene, ana nywele ndefu nyeupe na pua nyekundu. Ukiwasimamisha pamoja hawafanani hata kidogo. Hata hivyo Bindrim alishtaki, na mwaka 1979 Mahakama ya Rufani ya California ikampa ushindi.

Sababu ilikuwa kanda. Vikao vile vilikuwa vimerekodiwa, na mahakama ikalinganisha maneno ya kwenye kanda na maneno ya kwenye riwaya. Kulikuwa na kisa cha mchungaji ambaye mkewe hakutaka kuja vikaoni, na mazungumzo ya daktari kumhimiza amlete. Aliyekuwepo siku ile na baadaye akasoma riwaya, hakuhitaji kuambiwa Herford ni nani. Kisha likaja la pili, ambalo kwangu ndilo somo lenyewe. Mwandishi alikuwa amemwongezea daktari wake lugha ya matusi na ukali ambao kandani haukuwamo. Pengine aliongeza ili mhusika aonekane mtu mwingine. Mahakamani nyongeza hizo ziligeuka kuwa kosa, kwa sababu mtu alikuwa ameshatambulika, na sasa alikuwa amebandikwa tabia isiyo yake. Yaliyofanana yalimtambulisha, na yaliyotofautiana yakawa kashfa.

Nimeanza mbali hivyo kwa kuwa kosa hilohilo naliona katika kumbukumbu na makala za maisha zinazoandikwa kwetu, tena na watu wenye nia njema. Mtu anasimulia habari za rafiki, mume wa zamani au mwenzake wa kazini, anambatiza jina jipya, anaweka kwenye mabano “si jina lake halisi” kana kwamba amemfunga hirizi, kisha anapeleka kwa mhariri. Kumficha mtu nusunusu ni kubaya kuliko kutomficha kabisa. Ukimtaja wazi, walau utajilazimisha kusema kweli na pengine kumwomba ruhusa. Ukimficha nusu, unajipa uhuru wa kuongeza chumvi huku wote wanaomfahamu wakimwona.

Swali la kwanza la kujiuliza, basi, ni nani anayeweza kumtambua. Msomaji wa mbali asiyekujua wewe wala yeye hana shida, kwake “Zuhura” na “Neema” ni sawa. Wapo wanaokujua wewe peke yako, hao watakisia. Halafu wapo wanaowajua nyote wawili: walimu wa ofisi moja, majirani wa nyumba ya kupanga, wanakwaya, ndugu wa ukweni. Hao ndio wanaoweza kumdhuru mtu, maana yeye anaishi kati yao. Sheria ya kashfa nayo inawatazama hao. Haiulizi kama umma mzima umemtambua mlalamikaji, inauliza kama wanaomfahamu, wakisoma kwa akili ya kawaida, wataona ni yeye.

Msingi huo unatoka katika sheria ya Kiingereza ambayo Kenya na Tanzania zilirithi, na kesi yake maarufu ilimalizika London mwaka 1909. Gazeti la Sunday Chronicle lilikuwa limechapa kisa cha kuchekesha kuhusu mzee wa kanisa mmoja, Artemus Jones, aliyeonekana Ufaransa na mwanamke asiye mke wake. Wenye gazeti walisema jina hilo ni la kubuni. Bahati mbaya alikuwepo wakili aitwaye Artemus Jones, ambaye siku za nyuma aliwahi hata kuliandikia gazeti hilo, na rafiki zake walisoma wakadhani ndiye. Alilipwa pauni 1,750. Kusema “sikumkusudia yeye” hakukulisaidia gazeti. Kwa hiyo jina la bandia nalo lina mwenyewe, na unapolichagua inabidi uangalie usije ukamvisha aibu ya mtu mwingine.

Sasa tuchukue mfano wa kwetu tuupitie neno kwa neno. Ni wa kubuni, lakini ni wa aina inayofika mezani kwa mhariri kila mara. Mwalimu wa sekondari anaandika kuhusu mikopo ya kausha damu, na anamkumbuka mwenzake. Rasimu yake inasema hivi:

“Neema alihamia shuleni kwetu Tanga mwaka 2017, mwalimu pekee wa kike wa Fizikia. Sisi tulimwita Mama Brian. Mumewe alikuwa akifanya kazi bandarini. Wiki ya Pasaka ya mwaka 2019 alifiwa na baba yake, wakasafirisha mwili hadi Moshi, na aliporudi akaanza kukopa kausha damu. Kadi yake ya benki ilibaki kwa mkopeshaji pamoja na namba ya siri. Siku ya mshahara alikuwa akikaa ofisini hadi jioni akisema, ‘Mwezi huu nao umekwenda na wenyewe.’”

Ni aya nzuri. Mwandishi anajua kwamba hairuhusu itoke ilivyo, kwa hiyo anamgeuza Neema kuwa Zuhura. Amemficha nani? Hakuna. Kwanza, jina la mwandishi mwenyewe liko juu ya makala, na kila aliyesoma naye au kufanya naye kazi anajua alifundisha shule gani. Jina la mwandishi ndilo kidokezo cha kwanza, nacho huwa hatukihesabu. Pili, mwalimu pekee wa kike wa Fizikia ni mmoja. Tatu, Mama Brian. Huku kwetu mwanamke akishazaa, jina lake la ubatizo linabaki kwenye vyeti. Mtaani na kazini anaitwa kwa jina la mtoto. Unaweza kulibadilisha jina la mama mara kumi, ukimwacha Brian umewaonyesha wote mlango. Nne, msiba wa wiki ya Pasaka uliochangiwa na ofisi nzima, ambapo kila mmoja anakumbuka alitoa shilingi ngapi.

Halafu kuna hasara ambayo mwandishi hakuitarajia. Kwa kumwita Zuhura amempa dini nyingine, na kisa kimeharibika. Deni lilianzia kwenye mazishi ya kusafirisha mwili kutoka pwani hadi Kilimanjaro, pamoja na jeneza, gari, chakula cha waombolezaji na siku za kukaa matanga. Msomaji atajiuliza Zuhura gani huyo aliyemweka mzazi siku kadhaa na kumsafirisha mikoa miwili, wakati Waislamu huzika mapema, na aghalabu hapohapo mtu alipofia. Majina yetu yanabeba dini, kabila, kizazi, na wakati mwingine hata siku au namna mtu alivyozaliwa. Kulwa anamtaka Doto wake. Mtu aliyezaliwa miaka ya hamsini hawezi kuitwa Precious. Ukimtoa mtu kwenye jina la Kichaga ukampa la Kisukuma, umempa pia ukoo, chakula na dhana ambazo msomaji anazo kuhusu makabila hayo, na kama kisa ni cha aibu umeihamishia aibu kwa watu wengine. Kwa hiyo jina la bandia lichukuliwe kutoka ulimwengu uleule wa mwenye jina: dini ileile, kizazi kilekile, na liwe la kawaida sana. Lisianze kwa herufi ileile wala kulandana kwa sauti. Mwaka 2011 mwandishi wa Marekani Kathryn Stockett alishtakiwa na mwanamke aliyekuwa mfanyakazi wa nyumbani kwa kaka yake, kwa kuwa mhusika mkuu wa riwaya yake The Help alikuwa mfanyakazi wa nyumbani mwenye jina linalokaribiana mno na lake. Mwandishi alinusurika kwa sababu muda wa kushtaki ulikuwa umepita. Mama yule alikuwa amekaa na kitabu zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kwenda mahakamani.

Turudi kwa Neema. Kazi halisi ya kumficha inaanza kwa kuuliza, juu ya kila jambo lililomo katika aya, linafanya nini hapo. Yapo yanayobeba kisa: kwamba alikuwa mtumishi mwenye mshahara wa benki (bila hivyo mkopeshaji asingetaka kadi), kwamba deni lilianzia msibani, kwamba kadi na namba ya siri vilikuwa mikononi mwa mtu mwingine, na kwamba siku ya mshahara kwake ilikuwa siku ya huzuni. Hayo yakitoka hakuna makala. Mengine yote yanapamba, na yanamtambulisha: Fizikia, Tanga, 2017, Brian, bandari, Pasaka, Moshi. Msomaji wa mbali hayahitaji hata moja.

Hapo wengi hukimbilia kubadilishana. Fizikia inageuka Hisabati, Tanga inageuka Lindi, baba anageuka shangazi. Mimi nashauri kufuta kuliko kubadilisha. Ukimfanya mwalimu wa Hisabati, pale shuleni yupo mwalimu wa kike wa Hisabati, na kesho watu watamtazama yeye kwa jicho la huruma asiloliomba. Ukiandika “mwalimu mwenzangu” hujadanganya na hujamgusa mtu. Mji uwe “mji wa pwani”, mwaka uwe “miaka hiyo”, baba awe “mzazi”. Na jambo lolote lenye lawama ndani yake lisibadilishwe kamwe. Nimewahi kusoma rasimu ambamo mwandishi, ili kumficha rafiki yake, alisema pesa zilipotelea kwenye kubeti. Akitambuliwa, na kwa vidokezo vilivyobaki angetambuliwa, mtu aliyekopa kumzika mzazi wake anakuwa mcheza kamari. Hiyo ndiyo kesi ya Bindrim kwa Kiswahili.

Aya ikishapita mikononi mwa mwandishi mwangalifu inakuwa hivi:

“Joyce nilifanya naye kazi katika miaka hiyo. Mzazi wake alipofariki, familia ilisafirisha mwili hadi kijijini kwao, na mzigo mkubwa wa gharama ulimwangukia yeye. Aliporudi akaenda kwa mkopeshaji wa kausha damu. Kadi ya benki ilibaki huko pamoja na namba ya siri, na kila siku ya mshahara Joyce alikuwa wa mwisho kutoka ofisini.”

Kilichouma kukiondoa ni ile kauli yake. “Mwezi huu nao umekwenda na wenyewe” ndiyo sentensi bora katika rasimu yote, na ndiyo sababu ilikumbukwa. Kwa sababu hiyohiyo ofisi nzima inaikumbuka. Maneno ya mtu, hasa aliyoyarudiarudia, yanamtambulisha kuliko sura yake. Ujumbe wa simu ulionakiliwa neno kwa neno nao ni hivyo, na zaidi ya hapo ni barua ya siri. Kauli ile inaweza kurudi kwa njia moja tu: Neema mwenyewe akiruhusu.

Kuna jambo dogo la kompyuta ambalo limewaumbua watu wazima. Mwandishi anamaliza kuandika kwa majina halisi, kisha anaiamuru programu itafute kila “Neema” na kuweka “Joyce”. Majina yetu mengi ni maneno ya kawaida: Neema, Baraka, Amani, Furaha, Subira, Imani, Tumaini. Programu haijui tofauti, na ghafla mtu anaponywa “kwa Joyce ya Mungu”. Msomaji makini akiona hivyo ameshajua jina halisi. Upande wa pili, programu haioni “Mama Brian”, wala lakabu, wala sehemu ulipokosea herufi. Soma mwenyewe kwa jicho, mstari kwa mstari. Angalia pia jina la faili, masahihisho yaliyofichika ndani ya waraka, na maelezo ya chini ya picha. Orodha ya nani ni nani iandike kwenye karatasi uiweke mbali na rasimu.

Yote hayo yanafaa kwa mwenzako wa kazini au jirani, mtu mmoja kati ya wengi. Kuna watu ambao haiwezekani kuwaficha hata ufanyeje. Mama yako ni mmoja. Mume uliyeachana naye, kama uliolewa mara moja, ni mmoja. Bosi wako wa kwanza ni mmoja. Ukiandika kwa jina lako “mume wangu wa zamani alinipiga” au “alikuwa hawezi kuzaa”, kumwita Hamisi badala ya Salum hakubadilishi chochote. Aliyekuwepo kwenye harusi anamjua. Mke wake wa sasa pia anajua, na watoto wenu watakuja kujua siku watakapoweza kusoma.

Ujerumani walilipima suala hili hadi mahakama ya juu kabisa. Mwaka 2003 mwandishi Maxim Biller alichapa riwaya Esra, kuhusu mapenzi ya mwandishi mmoja na mwigizaji. Mpenzi wake wa zamani na mama wa mpenzi huyo wakaenda mahakamani, wakisema ni wao. Walitambulika hasa kwa tuzo: mwigizaji alikuwa amepata tuzo maarufu ya filamu akiwa kijana, na mama yake tuzo ya kimataifa kwa kutetea mazingira. Katika toleo la baadaye tuzo hizo zilipewa majina ya kubuni, lakini ni wangapi duniani walio na mama na binti wa namna hiyo? Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliwatenganisha wawili hao. Madai ya mama hayakutosha: kutambulika peke yake si kosa, riwaya ni riwaya, na msomaji hana budi kuanza kwa kudhani kwamba imebuniwa. Binti alishinda, kwa kuwa kitabu kiliingia kitandani mwake na katika ugonjwa wa mtoto wake, na kiliandikwa na mtu aliyekuwepo. Marufuku ikabaki. Kipimo walichokitoa majaji kinaeleweka hata na asiye mwanasheria: kadiri unavyogusa ya ndani zaidi, ndivyo unavyotakiwa kwenda mbali zaidi na mtu halisi.

Kipimo hicho kinatufaa hata huku ambako hukumu ile haina nguvu, maana faragha inalindwa na katiba zetu pia, Tanzania katika ibara ya 16 na Kenya katika ibara ya 31. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 imewaachia waandishi wa habari, fasihi na sanaa nafasi yao, mradi kilichochapishwa kiwe na manufaa kwa umma, na hadithi ya ndoa yako si lazima ipite kwenye tundu hilo. Ifahamike pia kwamba ukweli unakukinga dhidi ya kashfa, haukukingi dhidi ya faragha. Mtu akilalamika umeanika ugonjwa wake, kusema “lakini ni kweli anaumwa” ni kuthibitisha malalamiko yake. Kuhusu virusi vya UKIMWI zipo hata sheria maalumu za kulinda siri ya majibu ya vipimo, ya Kenya ya 2006 na ya Tanzania ya 2008.

Kwa hiyo kwa mtu asiyefichika zimebaki njia mbili, kumwomba ruhusa au kumtoa. Kuomba ruhusa kuna namna yake, na wengi huikosea kwa kuuliza swali baya: “Naandika kuhusu wewe, hakuna shida?” Kwetu swali hilo lina jibu moja tu, “Hakuna shida.” Ni adabu hiyo, si ridhaa. Mtu hajaona kilichoandikwa, hataki kukuvunja moyo, na pengine hafikirii kwamba utakwenda hadi mwisho. Mwonyeshe kurasa zinazomhusu, zikiwa zimekamilika, kabla hazijafika kwa mhariri, na umuulize mambo yanayojibika. Kwa Neema ningeandika hivi:

“Dada Neema, habari za siku nyingi. Nimeandika makala kuhusu walimu na mikopo, na kuna sehemu inayokuhusu. Jina lako halimo, wala la mtoto. Ningependa tuonane uisome mwenyewe. Nina maswali matatu: kuna nilipokosea? Kuna linaloweza kukuletea matatizo kazini au nyumbani? Kuna ambalo hutaki litoke kabisa? Ukisema liondoke, litaondoka. Usipojibu hadi mwisho wa mwezi nitaelewa kwamba hujakubali.”

Kuna sababu ya kusema “tuonane”. Rasimu ikitumwa kwenye simu inasomwa na yeyote mwenye kushika simu hiyo, na nyumba nyingi mume, mke na watoto wanashika simu moja. Huenda mume wa Neema hajawahi kujua habari za kadi ya benki. Ombi la ruhusa likawa ndilo lililovujisha siri. Sentensi ya mwisho nayo si ya hiari. Alama mbili za bluu zinaonyesha kwamba amesoma, basi. Kimya kihesabiwe ni kukataa.

Akikubali, mwombe aandike kwa maneno yake, hata ujumbe mfupi, na uutunze. Ruhusa hiyo ni ya maandishi hayo mahali hapo. Makala ikiingia kitabuni, ikisomwa redioni au kutafsiriwa, uliza tena. Aliyekubali kusomwa na wasomaji wa gazeti moja hakukubali kusomwa na wakwe zake Jumapili jioni kwenye redio. Na mpe nafasi ya kujiondoa hadi siku ambayo mhariri anasema kurasa zimefungwa.

Wapo ambao “ndiyo” yao haitoshi. Dada wa kazi anayelala nyumbani kwako hawezi kukukatalia. Mhudumu wa ofisi unayemsainia likizo hawezi. Mwanafunzi wako hawezi. Mtoto hana uwezo wa kuelewa anachokubali. Kwa hao mzigo wote ni wako: ama umfiche hadi yeye mwenyewe akisoma asijijue kwa hakika, ama usubiri hadi siku ambayo hana tena haja nawe. Kuna upande wa pili wa nguvu pia. Aliyekutesa humwombi ruhusa ya kusimulia mateso yako, na kumtafuta kunaweza kuwa hatari. Hapo andika yaliyokupata wewe, yale unayoweza kuyathibitisha, bila kupiga chuku wala kumsemea nia yake, na mwanasheria ayasome kabla ya kuchapwa.

Akikataa rafiki, jaribu kwanza kuuliza ni lipi hasa linalomuuma. Mara nyingi si lile uliloliogopa. Mtu anaacha habari ya deni ipite, anakataa sentensi iliyosema viatu vyake vilikuwa vimechakaa. Ondoa viatu. Akikataa yote, heshimu, na usidhani kuandika neno “riwaya” kwenye jalada kutakuokoa. Mitchell na Biller wote waliandika riwaya.

Limebaki la mhariri, kwa sababu kuficha kuna walioligeuza maficho. Septemba 1980 gazeti la Washington Post lilichapa habari ya mtoto wa miaka minane aliyekuwa akidungwa heroini. Mwandishi, Janet Cooke, alisema hawezi kutaja majina, na wakubwa wake hawakumlazimisha. Aprili 1981 habari hiyo ilishinda tuzo ya Pulitzer, na siku chache baadaye ikabainika kwamba mtoto hayupo. Tuzo ikarudishwa. Tangu hapo wahariri wenye busara wanataka kujua jina halisi hata kama halitachapwa, nawe huna sababu ya kumnyima. Mweleze pia umebadilisha nini hasa. Kwa msomaji weka mstari mmoja wa kweli. Kama ni majina tu, sema majina. Kama umefuta mahali na mwaka, sema hivyo. Kama umewaunganisha watu wawili kuwa mmoja, msomaji ana haki ya kujua, na kwa maoni yangu katika makala ya kweli usifanye hivyo kabisa.

Ukituletea kisa cha mtu, basi, kilete na vitu vitatu: jina lake halisi kwenye karatasi ya pembeni, maelezo ya ulichobadilisha, na jibu lake alilokuandikia. Kama jibu halijaja, makala yako itakaa kwenye foleni, na nafasi yake atapewa mwenzako.